Kitasa Kipya, Ufunguo Uleule

Mwezi Mei 2019, wapangaji watano wa jengo moja la mtaa wa Hell's Kitchen, jijini New York, walimaliza kesi yao dhidi ya wenye nyumba. Mlango mkubwa wa jengo ulikuwa umefungwa kitasa kinachofunguliwa kwa simu. Kati ya wakazi alikuwamo mzee wa miaka 93 ambaye hakuweza kutumia programu ya simu, na wengine hawakutaka kila kuingia na kutoka kwao kuwekewe kumbukumbu. Pande mbili zilikubaliana kwamba kila mpangaji anayetaka ufunguo wa chuma apewe.

Vitasa vya aina hiyo sasa vinafungwa pia kwenye nyumba za kupanga za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Mara nyingi mpangaji hupata ujumbe mfupi tu: fundi atakuja Jumamosi, chagueni namba za siri. Hakuna anayemweleza lile la muhimu kuliko yote, yaani ataingiaje ndani siku kitasa kitakapogoma.

Jibu limo ndani ya kitasa chenyewe. Ukishika mkono wa nje wa kitasa cha namna hii kabla ya kuweka namba, mara nyingi utakuta unachezacheza bure. Haujashikamana na ulimi unaoingia kwenye fremu ya mlango. Ukiweka namba sahihi, kadi au kidole, mota ndogo husukuma kipini, na kipini hicho huunganisha mkono na ulimi kwa sekunde chache. Anayefungua mlango ni wewe mwenyewe kwa nguvu ya mkono wako. Umeme kazi yake ni kuunganisha tu.

Ndiyo maana betri nne ndogo, zile za redio na rimoti za ukubwa wa AA, zinaweza kukihudumia kitasa kwa miezi mingi. Na ndiyo maana umeme wa nyumba ukikatika au LUKU ikiisha, mlango hauna habari. Ufunguo wa chuma nao una njia yake: silinda yenye meno kama ya kitasa cha kawaida, inayovuta ulimi bila kupitia kwenye mota wala betri.

Faida ya njia hiyo ya pili ilionekana Marekani Agosti 2017. Kampuni moja ya vitasa ilituma kwa mtandao programu mpya isiyolingana na baadhi ya vitasa vyake, na takriban vitasa 500 vikaacha kupokea namba za siri. Vingi vilikuwa kwenye nyumba za kupangisha wageni kwa siku chache. Vilirudishwa kiwandani au kubadilishwa, na kwa siku hizo zote ufunguo wa chuma uliendelea kufanya kazi.

Barua nzuri ya mwenye nyumba basi ingeanzia hapo. Tuchukue mfano wa jengo la ghorofa tatu huko Sinza, lenye familia tisa. Barua yake ingeweza kusomeka hivi:

*Ndugu Wapangaji,*

*YAH: VITASA VIPYA VYA MILANGO*

*Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Kuanzia tarehe 1 mwezi ujao kila mlango utakuwa na kitasa cha namba za siri. Kila nyumba itapewa funguo mbili za chuma, na mtasaini mkizipokea. Ufunguo wa tatu utabaki kwangu ndani ya bahasha iliyofungwa, yenye saini yenu juu ya gundi. Tundu la ufunguo limefichwa chini ya kifuniko kidogo cha plastiki, nyuma ya mkono wa kitasa. Fundi atamwonyesha kila mmoja wenu, na kila mmoja atafungua mlango wake kwa ufunguo mbele ya fundi kabla hajaondoka. Asiyetaka kutumia namba ataendelea na ufunguo.*

Sentensi ya tundu lililofichwa inaonekana ndogo, lakini hapo ndipo watu wengi hukwama. Watengenezaji hulificha ili mlango upendeze na vumbi lisiingie, na mpangaji ambaye hakuonyeshwa huapa kwamba kitasa chake hakina pa kuingiza ufunguo. Wengine wanajua lilipo, ila funguo zote mbili wameziweka kwenye droo ya chumbani, upande wa pili wa mlango uliogoma. Ufunguo mmoja unatakiwa kukaa nje ya nyumba: kwa ndugu, kazini, au kwenye mkoba unaotoka nao kila siku.

Tuseme mama mmoja wa ghorofa ya pili anarudi saa tano usiku, anabonyeza namba na taa haiwaki. Kwanza ageuze sura ya kitasa juu na chini. Vingi vina tundu la kebo ya kuchajia simu, au vidoti viwili vya chuma vya kugusishia betri ya mraba ya volti 9. Akichomeka pawabenki, au akiibana betri hiyo pale, kitasa kitapata nguvu ya muda, kisha ataweka namba yake kama kawaida. Mwizi hawezi kunufaika na njia hiyo kwa sababu namba bado inahitajika. Kama kimya kinaendelea, betri siyo tatizo. Hapo ni kufungua kifuniko, kuingiza ufunguo mpaka mwisho, kuuzungusha na kushusha mkono wa kitasa huku ufunguo ukiwa umezungushwa.

Kitasa kwa kawaida hutoa onyo kabla ya kufika huko. Hulia mara kadhaa, huwasha taa nyekundu, au mota husikika ikivuta kwa shida. Onyo likija, betri zote nne zibadilishwe kwa pamoja, na ziwe za alkali. Betri za bei ya chini huisha haraka, na zinazochajiwa huwa na volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo kitasa kinaweza kudanganyika kuhusu nguvu iliyobaki.

Ufunguo nao una adui wake. Silinda isiyoguswa mwaka mzima, hasa karibu na bahari, hukamatwa na chumvi na vumbi. Afadhali kila mwezi mlango ufunguliwe mara moja kwa ufunguo. Ukianza kuwa mgumu, unga wa grafiti kidogo hutosha. Mafuta ya kupikia hulainisha siku hiyo, kisha hugandisha vumbi ndani.

Yapo mambo mawili ambayo mpangaji ana haki ya kuyauliza kabla hajasaini. La kwanza ni komeo la ndani. Kwenye vitasa vingine ufunguo hufungua hata komeo hilo likiwa limefungwa, kwenye vingine haufungui, na mzazi mwenye mtoto mdogo anayeweza kujifungia ndani anahitaji kujua chake ni kipi. La pili ni kumbukumbu. Vitasa vingi huhifadhi saa ya kila mlango kufunguliwa na namba au kidole kilichotumika. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo barua iseme nani anaziona taarifa hizo, na zinafutwa lini.

Mpangaji akihama, namba yake hufutwa kwa dakika moja, lakini nakala ya ufunguo aliyochongesha mtaani haifutiki. Kwa hiyo kabla mpangaji mpya hajaingia, mwenye nyumba apokee funguo zote, afute namba na vidole vya zamani, abadilishe namba kuu iliyotoka kiwandani kama bado ipo, na aweke silinda mpya.