Virusi Visivyotoka Kwenye Neva

Mtu akipona tetekuwanga, virusi vilivyomletea ugonjwa haviishi mwilini. Vipele hukauka, magamba yakadondoka, mtoto akarudi shuleni, lakini baadhi ya virusi huwa vimekwisha kupenya kwenye seli za neva, na humo hukaa maisha yake yote. Hali ni hiyohiyo kwa virusi vya malengelenge aina ya 1, ambavyo wengi huambukizwa utotoni kwa mate ya watu wa nyumbani, mara nyingi bila kuonyesha dalili yoyote. Aina hizi mbili ni za jamii moja, jamii ya virusi vya herpesi. Vya tetekuwanga vikiamka, kwa kawaida baada ya miaka mingi, huleta mkanda wa jeshi. Vile vingine vikiamka hutoa malengelenge kwenye midomo, na kwa baadhi ya watu hurudi kila mwaka, hata mara kadhaa.

Ili kuelewa kwa nini havitoki, inafaa kuanza na umbo la seli ya neva inayopeleka hisia. Sehemu yake yenye kiini haipo kwenye ngozi. Ipo ndani kabisa, katika fundo dogo kando ya uti wa mgongo. Kwa neva za uso, fundo hilo limo ndani ya fuvu. Kutoka hapo seli hutoa uzi mwembamba unaofika hadi kwenye ngozi, na uzi wa seli iliyo kiunoni unaoishia kwenye vidole vya mguu unaweza kukaribia urefu wa mita moja. Ndani ya uzi kuna protini ambazo kazi yake ni kubeba mizigo ya seli kwenda na kurudi. Virusi vilivyozaliana kwenye ngozi au mdomoni huingia kwenye ncha za nyuzi hizo, vikajishikiza kwenye protini zenye kubeba, na kupelekwa hadi kwenye kiini. Vya tetekuwanga vina njia ya pili pia: huweza kufika kwenye mafundo kwa kubebwa na seli za damu.

Safari hiyo ndefu hubadili mambo. Vikiingia kwenye seli ya ngozi, virusi vya malengelenge huja na protini iliyo chini ya ganda lao, ambayo huziwasha jeni za kwanza. Katika muda wa saa chache seli hutekwa, ikatengeneza virusi vipya kwa wingi, kisha ikafa. Kwenye neva, protini hiyo ya kuwashia hupungua au kupotea njiani, hivyo DNA ya virusi hufika kwenye kiini bila msaada wake wa kawaida. Hapo DNA hujiunga ncha kwa ncha ikawa duara, na seli huizungushia protini zilezile inazotumia kukunja DNA yake yenyewe. Ikikunjwa na kubanwa hivyo, jeni zake hazisomeki. Haijipachiki kwenye kromosomu za mtu kama ifanyavyo DNA ya VVU. Hukaa kando yake, karibu kimya kabisa. Mfumo wa kinga hugundua seli iliyoambukizwa kwa kuona vipande vya protini za virusi, na seli ambamo karibu hakuna protini kama hiyo haitoi dalili ya kutambulika.

Kwa makazi ya kudumu, seli ya neva haina mfano. Seli za juu za ngozi hubanduka na kubadilishwa baada ya wiki chache, na virusi vilivyomo hupotea nazo. Seli ya neva haigawanyiki tena baada ya kukomaa, na huishi kadiri mtu anavyoishi, kwa hiyo lile duara la DNA halihitaji kujinakili ili lidumu. Mwili nao huitunza seli hiyo kwa sababu hauna ya kuweka mahali pake. Seli za kinga ziitwazo seli T huonekana zikiwa zimezunguka neva zenye virusi ndani ya mafundo, na utafiti kwa panya umeonyesha kwamba zinaweza kukata protini ya virusi vinavyojaribu kuamka bila kuiua neva yenyewe. Kwa hiyo ukimya huo hulindwa wakati wote, kwa kuwa baadhi ya seli hujaribu kuuvunja.

Kinachoamsha malengelenge ya mdomo mara nyingi ni msukosuko wa neva yenyewe. Jua kali, homa, uchovu, mfadhaiko wa akili na hedhi hutajwa sana. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari mpasuaji wa Marekani Harvey Cushing aligundua kwamba wagonjwa aliowafanyia upasuaji wa neva ya uso walitokwa na malengelenge usoni baadaye. Neva ikisukwasukwa, ishara za ndani ya seli hulegeza zile protini zilizoibana DNA, na jeni za virusi zikaanza kusomeka. Virusi vipya hushuka kwa uzi uleule hadi mahali pa zamani. Ndiyo maana mtu huhisi kuwashwa au kuchomachoma siku moja kabla, na malengelenge kutokea karibu palepale pa mara iliyopita.

Mkanda wa jeshi hutegemea zaidi nguvu za kinga. Mwaka 1965 daktari wa Kiingereza Edgar Hope-Simpson, aliyewatibu watu wa mji mdogo wa Cirencester, alichapisha kumbukumbu za miaka mingi za wagonjwa wake. Alieleza kwamba kinga dhidi ya tetekuwanga hupungua polepole, na ikishuka chini ya kiwango fulani virusi hupata nafasi. Baadaye ilidhihirika kwamba kinachopungua hasa ni uwezo wa seli T, ilhali kingamwili za kwenye damu huweza kubaki nyingi. Hilo linaeleza kwa nini ugonjwa huu huongezeka baada ya umri wa miaka 50. Linaeleza pia yaliyoonekana Afrika Mashariki tangu miaka ya 1980, pale vijana wengi walipoanza kuugua mkanda wa jeshi: VVU vilikuwa vinaharibu seli T zao. Mpaka leo kijana anayepata ugonjwa huu hushauriwa apime VVU.

Tuseme fundo lililoamka ni moja la upande wa kulia wa kifua. Tofauti na ilivyo kwa malengelenge ya mdomo, virusi hivi husambaa kutoka seli hadi seli ndani ya fundo, ambalo huvimba na kuumia. Mgonjwa husikia maumivu ya kuunguza siku kadhaa kabla ya ngozi kuonyesha chochote, na kwa wakati huo ni rahisi kudhani kwamba anaumwa moyo au mapafu. Kisha vipele vyenye maji hujitokeza kuanzia mgongoni kuzunguka ubavuni hadi mbele, vikakoma katikati ya kifua, kwa kuwa neva za fundo hilo huhudumia upande mmoja tu. Neva zilizoharibika huweza kuendelea kuuma kwa miezi au miaka baada ya vipele kupona, hasa kwa wazee. Vipele vikitokea kwenye paji la uso au ncha ya pua, jicho limo hatarini, na mgonjwa anapaswa kumwona daktari siku hiyohiyo.

Dawa ya asikloviri huzuia virusi kunakili DNA yao. Ndiyo sababu husaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee, wakati virusi vinazaliana kwa kasi. Lile duara lililolala halinakiliwi, hivyo dawa haina pa kuligusa. Chanjo ya mkanda wa jeshi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 hailigusi pia. Ina protini moja tu ya virusi pamoja na kichocheo cha kinga, hutolewa mara mbili, na katika majaribio ilizuia zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa kwa watu wa miaka 50 na kuendelea, kwa kuzirudishia seli T nguvu zilizokuwa zimepungua.