Gumboro: hesabu ya siku kabla ya chanjo

Vifaranga wengi wanaokufa kwa Gumboro wanakuwa wamevuka siku ngumu za mwanzo. Wana wiki tatu hadi sita, wanakula vizuri, manyoya yamejaa, na mfugaji ameanza kupiga hesabu ya mauzo. Halafu asubuhi moja unawakuta wamejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, wengine wanatetemeka, na sehemu ya nyuma imechafuka kwa mharo mweupe wa majimaji. Vifo hupanda haraka, hufikia kilele siku ya tatu au ya nne, kisha ndani ya wiki moja hivi vinatulia.

Ukimpasua kuku aliyekufa, tazama kwanza misuli ya paja na kidari: mara nyingi utaona mistari na madoa ya damu chini ya ngozi. Kisha tafuta mfuko mdogo wa mviringo ulio juu kidogo ya njia ya haja, kwa upande wa mgongo. Huo ndio bursa. Siku za mwanzo za ugonjwa huvimba na kuzungukwa na ute wa manjano, pengine na damu ndani. Baada ya wiki hivi husinyaa ukawa mdogo kuliko ilivyokuwa kawaida.

Bursa ndiyo shule ya chembechembe zinazotengeneza kinga ya kuku, na virusi vya Gumboro vinalenga chembechembe hizo hasa. Kwa hiyo hasara haiishii kwa waliokufa. Kifaranga aliyeambukizwa kabla ya wiki tatu anaweza asionyeshe dalili yoyote, lakini bursa yake ikaharibika kwa maisha yake yote. Baadaye unamchanja mdondo, ambao wengine huuita kideri, na mwili unashindwa kuijibu chanjo. Mfugaji huilaumu chanjo ya mdondo, kumbe chanzo kilikuwa Gumboro iliyopita kimya kimya.

Ugonjwa huu ulionekana kwanza mwaka 1957 karibu na eneo la Gumboro, jimbo la Delaware, Marekani. Hadi leo hauna dawa. Viuavijasumu haviui virusi, na dawa za salfa ambazo wengi hukimbilia huziumiza zaidi figo ambazo tayari zimeelemewa. Wagonjwa wapewe maji ya kutosha, joto na vitamini, basi. Kazi yenyewe ya kuwaokoa hufanyika mapema, kwa chanjo, na hapo ndipo wengi wanapokosea siku.

Kifaranga hutoka ndani ya yai akiwa na kingamwili alizorithi kwa mama yake. Kingamwili hizo humlinda, lakini haziwezi kutofautisha virusi vya ugonjwa na virusi hai vilivyopunguzwa makali ndani ya chanjo. Ukichanja zikiwa bado nyingi, zinaifuta chanjo na kifaranga anabaki kama hakuchanjwa. Ukichelewa, zinakwisha kabla chanjo haijafanya kazi, na virusi vya bandani vinamkuta wazi.

Tuchukue vifaranga wawili wa nyama kutoka boksi moja, tuliowapima damu siku ya nne. Mmoja ana kingamwili 1,000 kwa kipimo cha maabara, mwingine 4,000. Tofauti kama hiyo hutokea, hasa pale mayai yanapotoka kwa mama wa makundi au umri tofauti. Kwa kuku wa nyama, kingamwili za mama hupungua kwa nusu kila baada ya siku tatu na nusu hivi. Chanjo ya nguvu ya kati huweza kushika zinaposhuka hadi karibu 125. Wa kwanza atashuka kwa nusu mara tatu: 500, 250, 125. Hizo ni kama siku kumi na nusu, kwa hiyo siku yake ni ya 14 au 15. Wa pili lazima ashuke kwa nusu mara tano, na siku yake inafika 21 au 22.

Ukichanja siku ya 14 peke yake, unamkinga wa kwanza na kumpotezea wa pili chanjo. Ukingoja siku ya 21, wa kwanza anakaa wiki nzima bila ulinzi. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kurudia, na ratiba nyingi huweka chanjo mbili, mathalan siku ya 14 na ya 21 au 28. Kwa kuku wa mayai kingamwili za mama hukaa muda mrefu zaidi, hivyo ratiba ya broila usiihamishie kwao bila kuuliza. Muulize muuza vifaranga kama mama walichanjwa Gumboro, kisha mpelekee daktari wa mifugo jibu hilo. Kwenye eneo lenye virusi vikali anaweza kuchagua chanjo yenye nguvu zaidi, inayoshika mapema, ingawa nayo huiumiza bursa kiasi.

Siku ikiwa sahihi, maji nayo yanaweza kuiharibu kazi. Klorini ya maji ya bomba huua chanjo hai. Tumia maji safi ya kisima au ya mvua, na uweke gramu 2.5 hivi za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita. Vifaranga 300 wa siku 14 wanahitaji kama lita nne. Waondolee maji saa moja au mbili kabla, asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali, na weka vyombo vya kutosha ili wanyonge nao wapate. Chanjo yote inywewe ndani ya saa mbili. Ikibaki kwenye chupa iliyokwisha funguliwa, usiitunze kwa ajili ya wiki ijayo.

Hesabu yote hii inategemea pia virusi vilivyomo bandani. Vikiwa vingi, vinaingia mwilini mapema, hata pale kingamwili za mama zilipo juu kidogo ya kiwango ambacho chanjo ingeshika. Na virusi hivi vina ustahimilivu wa ajabu. Utafiti umeonyesha kwamba kwenye banda lililokuwa na wagonjwa, maambukizi yaliweza kutokea hata siku 122 baada ya kuku kuondolewa. Kuacha banda tupu miezi miwili na kuingiza vifaranga wapya hakutoshi. Tena havina utando wa mafuta, hivyo sabuni na dawa nyingi za kunukia za kusafishia sakafu hazivivunji.

Kuku wakitoka, anza na mende wadogo weusi wanaoishi ndani ya maranda, kwa kuwa nao hubeba virusi. Nyunyiza dawa ya wadudu maranda yakiwa bado na joto. Yakipoa, wadudu hukimbilia nyufani. Lowanisha maranda kidogo vumbi lisiruke, yatoe yote, yapeleke mbali na mabanda na uyafunike yaoze. Kama sakafu ni ya udongo, kwangua tabaka la juu.

Kisha osha kwa maji na sabuni kuanzia paa kushuka chini, ukisugua kinyesi kilichogandamana. Watu wengi huruka hatua hii na kupuliza dawa juu ya uchafu. Dawa inamalizikia kwenye kinyesi, na virusi vilivyo ndani yake vinabaki hai. Acha pakauke kabla ya kuua vijidudu, kwa kuwa maji yaliyotuama huizimua dawa.

Dawa zinazoviweza virusi hivi ni zenye glutaraldehaidi, fomalini au ayodini kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko. Kostiki soda pia inafaa: gramu 20 kwa kila lita ya maji, lakini inachoma ngozi na kula aluminiamu, kwa hiyo vaa glavu, buti na miwani. Fomalini ina mvuke hatari. Usiitumie bila kinga ya kupumulia. Kiasi nacho kina maana. Banda la mita 5 kwa 6, lenye kuta za mita 2, lina takribani mita za mraba 104 ukijumlisha sakafu, kuta na paa. Kwa mililita 300 kwa kila mita ya mraba unahitaji kama lita 31, yaani bomba la mgongoni la lita 16 mara mbili. Anayejaza mara moja na kuona inatosha ameacha nusu ya banda. Vyombo vya chakula na maji, buti, sepetu na makreti ya kubebea kuku vipitie dawa ile ile. Mifuko ya chakula iliyotumika ichome.

Ukimaliza, paka chokaa mpya kwenye kuta na umwage chokaa kwenye sakafu ya udongo. Kisha funga banda wiki mbili, ukihesabu tangu siku lilipokauka baada ya dawa, wala si tangu siku kuku walipotoka.