KUPINGA WOSIA: USHAHIDI GANI UNATAKIWA?



Wengi wetu tunaacha kitu tunapokufa: parseli ya Kinama au Buyenzi, nyumba ya matofali, itongo la mlimani. Baba akishazikwa, mara nyingine hutokea karatasi ambayo watoto hawakuijua, na ndani yake mali yote imepewa mtu mmoja. Hapo watu husema, "Baba hakuwa na akili yake," au, "Amelazimishwa." Maneno hayo mawili yana maana tofauti mbele ya hakimu, na kila moja linataka ushahidi wake. Makala hii inaeleza tofauti hiyo.

Tuanze na hali ya nchi yetu. Burundi haikuandikiwa kitabu kimoja cha sheria ya urithi. Mradi wa sheria uliotayarishwa katika miaka ya 2000 haukupitishwa, na mahakimu huamua mambo ya urithi kwa kufuata mila. Lakini katika nchi zote, za sheria ya Kibelgiji na Kifaransa au za Kiingereza, kanuni moja haibadiliki: anayetoa mali yake lazima awe na akili timamu, na awe ametoa kwa hiari yake.

AKILI TIMAMU MAANA YAKE NINI?

Maelezo yanayojulikana zaidi yalitoka Uingereza mwaka 1870, katika kesi ya mtu aitwaye John Banks. Bwana huyu aliwahi kuwekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Aliamini kwamba anafuatwa na pepo, na kwamba mtu fulani aliyekwisha kufa anamsumbua. Hata hivyo aliandika wosia akampa binti wa ndugu yake nyumba kumi na tano. Korti ilikubali wosia ule. Mahakimu walisema ugonjwa wake haukugusa jambo la mali na jamaa zake.

Kutokana na kesi hiyo yalibaki maswali manne, ambayo mahakama za Afrika Mashariki nazo huyatumia. Je, mwenye wosia alielewa kwamba anagawa mali itakayochukuliwa baada ya kufa kwake? Je, alijua kwa jumla ana mali gani? Je, aliwakumbuka watu wenye haki ya kutazamiwa, kama mke na watoto? Na je, hakuwa na wazo la ugonjwa lililomfanya amchukie au amsahau mmoja wao bila sababu?

Kwa hiyo uzee peke yake si hoja. Kutoona vizuri, kutotembea au kusahau mahali alipoweka fimbo si kukosa akili timamu. Tena linalotazamwa ni siku ile wosia ulipotolewa. Mtu anaweza kuchanganyikiwa Jumatatu na kuwa mzima wa akili Alhamisi. Anayekuja kortini kusema "mwaka ule mzima baba alikuwa mgonjwa" hajasema lolote juu ya Alhamisi ile.

KESI YA MZEE MENGI

Majirani zetu wa Tanzania walikuwa na kesi iliyojulikana sana. Mfanyabiashara Reginald Mengi, mwenye kampuni za IPP, alifariki Dubai mwezi wa Mei 2019. Ukatolewa wosia wa tarehe 17 Agosti 2017, uliowapa mali mjane wake na watoto wao wawili mapacha. Watoto wakubwa wa ndoa ya kwanza hawakupata kitu. Pingamizi ilipelekwa Mahakama Kuu ya Dar es Salaam, na mwezi wa Mei 2021 Jaji Yose Mlyambina aliukataa wosia ule.

Wapingaji walijenga hoja zao juu ya mambo yanayoonekana. Jambo la kwanza lilikuwa tarehe: marehemu alipata kiharusi mwaka 2016, na wosia ni wa mwaka uliofuata. Ugonjwa wenye tarehe ulitangulia karatasi yenye tarehe, na korti ilikubali kwamba akili yake ilikuwa imeathirika. Jambo la pili lilikuwa maneno ya wosia wenyewe: watoto wakubwa walinyimwa pasipo sababu kutajwa. Sheria za mila za Tanzania zilizoandikwa mwaka 1963 zinataka anayemnyima mrithi wake aseme wazi kwamba anamnyima, na kwa sababu gani. Sheria hizohizo zinataka wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma uwe na mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Na wa asiyejua kusoma uwe na wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki.

Sheria hizo si zetu, lakini maana yake tunaijua. Kwetu pia mzee akitoa irage huwaita jamaa na bashingantahe wasikie. Karatasi iliyofanywa kwa siri, bila hata mtu mmoja wa ukoo, inaanza safari yake ikiwa na mguu mmoja.

KULAZIMISHWA NI KITU KINGINE

Katika kulazimishwa, akili ya mzee ni nzima, ila neno lililoandikwa ni la mtu mwingine. Hapa wengi hukosea. Kumwomba baba, kumbembeleza, hata kumtumikia kwa wema ili akukumbuke, si kosa. Mtoto aliyemwogesha baba yake miaka mitatu akapewa sehemu kubwa hakumlazimisha mtu. Kosa ni pale mzee anaposhindwa kukataa: anatishwa kwamba ataachwa bila chakula au dawa, anafungiwa asionane na wengine, au anadanganywa kwamba watoto wake wamemtupa kumbe wanafukuzwa mlangoni.

Mambo haya hufanywa ndani ya nyumba, hayana shahidi aliyesimama pembeni. Kwa sababu hiyo korti hukusanya vipande. Nani alimwita mwandishi au notari, na nani alimlipa? Nani aliyasema maneno, mzee au mtu mwingine kwa niaba yake? Je, anayepata mali alikuwamo chumbani? Je, mzee alimtegemea kwa chakula, dawa na pesa? Je, kulikuwa na wosia wa kwanza uliobadilishwa ghafla? Kipande kimoja hakitoshi. Vikiwa vinne au vitano vinavyoelekea upande mmoja, hakimu atamtaka mwenye karatasi aeleze. Zaidi sana ikiwa aliyeandika wosia ndiye anayerithi: huyo korti humtazama kwa macho mawili.

MFANO

Tuchukue mfano wa kutunga. Mstaafu wa kiwanda cha sabuni ana parseli Kinama na watoto watano. Anaishi na mtoto wa ndugu yake. Tarehe 9 Machi anapata kiharusi, analazwa hospitali, anatoka tarehe 21. Anakufa mwezi wa Juni. Baada ya matanga, yule kijana anatoa wosia wa tarehe 14 Machi unaompa parseli yote.

Watoto wakienda kwa wazee wa kilima na kisha tribinali ya rezidansi wakalia tu kwamba wameonewa, watashindwa. Anayedai ndiye mwenye kuthibitisha. Wafanye hivi.

Kwanza waitafute dosie ya hospitali mapema, kabla haijapotea katika stoo. Ndani yake karatasi yenye thamani ni ile ambayo muuguzi huandika kila siku. Tuseme jioni ya tarehe 13 imeandikwa: "Mgonjwa hajui alipo, haitikii jina lake." Maneno hayo yaliandikwa na mtu asiye na faida katika parseli, kabla ugomvi haujaanza. Yanapita nguvu maneno ya ndugu kumi. Hospitali ikikataa kutoa dosie, hakimu aombwe aiagize. Daktari aliyemtibu ana uzito kuliko daktari anayesoma makaratasi tu baada ya kifo.

Pili waitazame karatasi ya wosia. Mzee alitia sahihi mshahara wake miaka thelathini, lakini hapa kuna dole gumba. Risiti za zamani za mshahara zitaonyesha sahihi yake. Tena wosia unasema "watoto wangu watatu", naye ana watano. Kosa hilo linajibu swali la tatu kati ya yale manne: hakuwakumbuka walio wake, au si yeye aliyesema.

Tatu watafute mashahidi wa siku zile: mgonjwa wa kitanda cha jirani, mwenye kuleta chakula, padri au shehe aliyekwenda kumwombea. Shahidi aseme alichokiona. "Alikuwa amechanganyikiwa" ni maoni. "Tarehe 15 alimwita binti yake kwa jina la mama yake aliyekufa" ni ushahidi.

Sasa kijana naye atajibu. Ataleta muuguzi wa zamu ya asubuhi aseme kwamba tarehe 14 mzee alizungumza na kuomba uji. Je, watoto wameshindwa? Hapana. Kuomba uji si kujua parseli yako na watoto wako. Lakini kama muuguzi yule atasema kwamba mzee alitaja watoto wote watano kwa majina na akaeleza kwa nini anampa kijana, basi hoja ya akili imeanguka. Itabaki hoja ya kulazimishwa, yaani nani alimleta mwandishi hospitalini, nani alimlipa, na kwa nini watoto hawakuitwa.

WOSIA UKIFUTWA, MALI INAKWENDA WAPI?

Swali hili liulizwe kabla ya kufungua kesi. Wosia ukianguka, korti haigawi mali kwa huruma. Kama kuna wosia wa zamani ulio sahihi, huo huweza kufufuka. Kama hakuna, mali inarudi katika mila; na kwa mila ya Burundi ardhi ya baba ni ya wana wa kiume, binti hupata haki ya kulima au kutumia tu. Binti anayepinga wosia ulioacha nyumba kwa kaka mmoja anaweza kushinda kesi, kisha nyumba ikagawanywa kwa kaka zake wote, yeye akabaki mikono mitupu. Na kwa upande wa pili, baba aliyeandika wosia ili binti yake apate sehemu ndiye ambaye karatasi yake itashambuliwa zaidi na wana.

Baba wa namna hiyo afanye mambo matatu wakati bado ana afya. Aseme wosia mbele ya mtu wa ukoo na mtu baki, binti akiwa hayumo chumbani. Aandike majina ya watoto wote na sababu ya kumpa huyu zaidi ya yule. Na kama ana ugonjwa, aombe cheti cha daktari cha siku ileile, si cha juzi wala cha mwezi ujao. Akifanya hivyo, atakayedai kortini kwamba mzee hakuwa na akili yake atakuta majibu ya maswali yote manne yamekwisha kuandikwa.