Jinsi ya Kupanga Ushahidi wa Malalamishi ya Kazi: Mfano wa Kibarua wa Kiamaiko

Wengi wanaofanya kazi katika machinjio ya mbuzi ya Kiamaiko hawana mkataba wa maandishi. Mchunaji ngozi au mpakiaji huajiriwa kwa neno la mdomo na hulipwa kwa simu au taslimu. Akifutwa, hudhani hana ushahidi. Mara nyingi anao, ila umetawanyika. Kazi ni kuukusanya katika jalada moja lenye vielelezo vilivyopewa nambari na faharasa mbele, kisha kuliambatanisha na malalamishi kwa afisa wa leba.

Tuchukue mfano. Mchunaji ngozi alianza kazi Machi 4, 2024 kwa shilingi 600 kwa siku, siku sita kwa wiki, akilipwa kila Jumamosi. Mei 24, 2025 alitumiwa ujumbe asirudi tena. Wiki mbili za mwisho, yaani siku 12, hazikuwa zimelipwa. Anadai shilingi 7,200 za siku hizo, pamoja na malipo ya kuachishwa bila notisi.

Hatua ya kwanza ni kuandika kila dai kwa sentensi moja, kisha kuuliza: ni karatasi gani inayoonyesha hili? Kwake madai ni matatu: kwamba alifanya kazi pale mfululizo, kwamba siku 12 hazikulipwa, na kwamba alifutwa bila notisi. Karatasi isiyojibu mojawapo ya madai hayo haiingii jaladani.

Baada ya hapo, faharasa yake ikawa hivi:

Kielelezo 1: Taarifa ya M-Pesa, Machi 2024 hadi Mei 2025, kurasa 1–9
Kielelezo 2: Nakala ya daftari la siku za kazi, kurasa 10–13
Kielelezo 3: Jumbe za simu kati yake na msimamizi, kurasa 14–16
Kielelezo 4: Barua ya kudai malipo, ukurasa 17

Taarifa ya M-Pesa huombwa kwa kupiga *334#. Inaonyesha shilingi 3,600 zikiingia kila Jumamosi kutoka nambari moja, lakini haisemi pesa hizo ni za nini. Hilo linajazwa na daftari na jumbe. Ndiyo maana vielelezo hupangwa vikitegemezana. Katika wiki tatu alilipwa taslimu, hivyo taarifa ina mapengo. Mapengo hayo yaelezwe waziwazi katika malalamishi, kabla mwajiri hajayatumia kudai kwamba kazi ilikuwa ya hapa na pale.

Mfululizo huo una uzito. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja huhesabiwa kama mfanyakazi wa mwezi, na hastahili kuachishwa bila notisi. Tena, mwajiri asipotoa mkataba wa maandishi shauri linapofika mbele ya sheria, ni juu yake kukanusha masharti anayodai mfanyakazi.

Nambari za kurasa huandikwa mwisho, karatasi zote zikishapangwa, na huendelea moja kwa moja hadi ukurasa wa mwisho bila kuanza upya kwa kila kielelezo. Kisha kila sentensi ya malalamishi hutaja mahali pake: “Nilifutwa kwa ujumbe wa Mei 24, 2025 (Kielelezo 3, ukurasa 16).” Jaribio ni rahisi: mpe jirani jalada. Akishindwa kufungua ukurasa uliotajwa na kuona kinachodaiwa, rekebisha.

Makosa mawili huharibu majalada mengi. La kwanza ni picha ya skrini iliyokatwa, isiyoonyesha nambari ya mtumaji wala tarehe. Piga picha nzima, na usifute ujumbe wala kuuza simu, kwa kuwa ukibishaniwa itabidi uonyeshwe ulipotoka. La pili ni kunakili daftari upya ili lipendeze. Daftari lenye madoa, lililoandikwa siku kwa siku, huaminika kuliko safi lililoandikwa baada ya kufutwa. Ukitaka kutia alama, itie kwenye nakala tu.

Toa kopi tatu: ya afisa wa leba, ya mwajiri, na yako. Karatasi za asili zibaki nyumbani. Omba kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Tarehe hiyo ni muhimu, kwa kuwa malalamishi ya kufutwa kazi hupelekwa kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu. Kwa mchunaji huyu, mwisho ni Agosti 24, 2025. Ikiwa kielelezo kimoja kimechelewa, peleka malalamishi na vilivyopo, kisha ongeza kilichobaki kama Kielelezo 5, kuanzia ukurasa wa 18, pamoja na faharasa mpya.