Mwezi Mmoja Bila Mitandao

Kaka yangu aliamua kukaa mwezi mzima bila mitandao ya kijamii. Jioni ya kwanza alifuta programu zote kwenye simu, akalala akijua kamaliza. Kumbe kufuta programu hakufungi akaunti. Picha zake zilibaki kulekule, watu wakizitazama.

Ikabidi azifunge moja moja. Kwenye Facebook alichagua kufuta kabisa, si kusimamisha kwa muda. Hapo mtu hupewa siku 30 za kughairi, na huo ndio mtihani: usiku wa tisa nilimkuta ameshika simu, kidole kikielea juu ya kitufe cha kuingia.

Iliyomtesa zaidi ni akaunti ya 2011. Nenosiri kalisahau, na namba za uthibitisho zilikwenda kwenye laini aliyoiacha zamani, ambayo sasa ilikuwa ya mtu mwingine. Akapiga.

“Shikamoo mama. Naomba unisomee namba zilizoingia sasa hivi.”

“Marahaba mwanangu. Hizo hatumpi mtu.”

Mama yule alifanya sawa kabisa. Matapeli huomba vivyo hivyo.

Kilichomwokoa ni barua pepe aliyojisajilia, bado iko wazi kwenye kompyuta yake kuukuu. Kabla ya kufuta alipakua picha zake. Mojawapo ni ya marehemu baba, ameegemea baiskeli.