Je, Wajua? Simu Inaweza Kunyamazisha Ofisi Bila Kumnyamazisha Mama

Je, wajua kwamba aifoni inaweza kuzuia ujumbe wa kazini usiku, huku simu ya nyumbani ikiita kama kawaida? Ufunguo ni sehemu iitwayo Focus, iliyoingia mwaka 2021 na toleo la iOS 15.

Tuseme unatoka kazini saa 11 jioni na kurudi saa 2 asubuhi. Fungua Settings, kisha Focus, uchague Personal. Kwenye Apps, gusa Silence Notifications From na uweke programu za kazi tu, kama Outlook na Teams. Nyingine zitaendelea kulia. Kisha weka ratiba ya kila siku, 17:00 hadi 08:00.

Hapo wengi huishia, halafu Jumamosi saa 2 asubuhi barua pepe za ofisi zinaanza kumiminika, kwa sababu ratiba ya usiku imekwisha. Dawa yake ni kuongeza ratiba ya pili: Jumamosi na Jumapili, 08:00 hadi 17:00.

Kwa familia, usitegemee Focus pekee, maana ukiwasha nyingine mkutanoni inaweza kuwazuia. Fungua jina la mama kwenye Contacts, gusa Edit, kisha Ringtone, uwashe Emergency Bypass. Simu yake itaita hata ukiwa umezima mlio. Ujumbe mfupi una swichi yake kwenye Text Tone. Usipoiwasha, simu ya mama itapita lakini ujumbe wake hautalia.