Kabla Msusi Hajagonga Geti

Msusi wangu hana saluni. Ana begi jeusi lenye chanuo la mkia, mkasi, mafuta, draya, taulo mbili na bando za rasta, na mteja ndiye anayetoa kiti. Anaishi Tabata, anasuka Dar es Salaam nzima, na wateja wengi hufika kwake kwa ujumbe wa WhatsApp kutoka namba asiyoijua. Nilimuuliza siku moja, kichwa changu kikiwa mapajani mwake, kama haogopi kuingia nyumba za watu. Akacheka. "Nikianza kuogopa nikiwa getini, nimeshachelewa."

Alikuwa na maana ya kawaida kabisa. Mteja wa saluni hukaa saa mbili tatu mahali penye watu wanaopita. Msusi wa majumbani akipata kazi ya rasta ndogo za kufika kiunoni, atakuwa ndani ya nyumba ya mtu saa saba au nane, mikono imejaa nywele, simu imewekwa kando, geti limefungwa. Na adabu yetu haimsaidii. Ukikaribishwa ndani, unaingia. Ukiletewa chai, unakunywa. Kumwambia mwenyeji "siingii" pale mlangoni ni kumvunjia heshima, na mtu mwenye malezi mazuri huona haya kulisema hata pale moyo wake unapokataa. Ndiyo maana masharti yote ya msusi wangu husemwa mapema, kwenye simu. Likishasemwa jana, leo getini linakuwa ukumbusho tu.

Kwanza husikia sauti. Mteja mpya anaweza kuandika atakavyo, lakini kabla ya kupanga siku msusi humpigia. Anauliza nywele zina urefu gani, zimesukwa au zimefumuliwa, mara ya mwisho zilitiwa dawa lini. Ni maswali ya kazi, lakini yana faida nyingine: mwenye nywele huyajibu bila kufikiri. Aliyeandika kwamba anataka rasta, kisha hajui kama nywele zake zinafika shingoni, hataki kusukwa. Na yule ambaye simu yake kila mara "ina tatizo la maiki" hapati siku.

Kisha advansi. Kwa kazi ya shilingi 80,000 yeye hutaka 30,000 itangulie kwa simu, na ujumbe wa malipo huja na jina la mwenye laini. Tangu laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kufungwa mwanzoni mwa 2020, jina hilo lina uzito zaidi ya lile ambalo mtu amejiandikia kwenye wasifu wake wa WhatsApp. Lina mpaka wake pia. Linaonyesha aliyesajili laini, halionyeshi aliyeishika. Mara nyingi mteja ni mwanamke na jina lililokuja ni la mume, kaka au wakala. Msusi hachukulii hilo kuwa uovu, anauliza tu: "Dada, pesa imeingia kwa jina la kaka mmoja, ni nani kwako?" Jibu huja mara moja, au huja kwa kujizungusha.

Lakini kwangu mimi faida kubwa ya advansi haimo kwenye jina. Wasusi wengi hununua rasta kwa pesa yao na kulipa nauli kwa pesa yao, halafu hulipwa kichwa kikiisha. Msusi wa namna hiyo akiona jambo lisilompendeza saa sita mchana, ameshatoa elfu ishirini na kitu mfukoni na hajapata hata senti. Atajiambia avumilie amalizie. Aliyekwisha kulipwa gharama zake anaweza kubeba begi akaondoka, na hasara yake ni siku moja tu. Kwa hiyo sharti lenyewe husomeka hivi: advansi ni ya rasta na nauli, na haitarudi iwapo tulichokubaliana kitabadilika.

Tulichokubaliana ni nini? Anakiandika kwa ujumbe mmoja na kumtaka mteja ajibu "sawa". Mwenye nywele awe nyumbani kabla ya msusi kuingia. Atajwe kila atakayekuwepo siku hiyo. Kazi ifanyike sebuleni au barazani, si chumbani. Mbwa afungwe. Hereni, mikufu na pesa viondolewe na mwenyewe kabla ya kuanza, maana kitu kikipotea wiki ijayo, wa kwanza kukumbukwa atakuwa mgeni mwenye begi. Watoto wasisogee wakati wa kuchovya ncha za rasta kwenye maji ya moto. Mwisho, saa ya kuanza na saa ya kutoka. Hapo huandika "saa 3 asubuhi", kamwe si "saa 3" peke yake, kwa sababu wapo waliozoea kusoma saa kwa Kiingereza watakaomngoja alasiri.

Baada ya hapo ndipo ratiba humfikia mdogo wake, anayeuza duka la vipodozi mtaa wa pili. Mtu mmoja tu. Zamani alikuwa akirusha ratiba kwenye kundi la wasusi lenye watu arobaini, akagundua kwamba kila mmoja alidhani mwenzake anafuatilia. Zaidi ya hayo, anuani ya mteja si mali ya kundi. Mteja naye amemfungulia nyumba mtu asiyemjua, kwa hiyo huambiwa waziwazi: mdogo wangu anajua nilipo na atanipigia mara kadhaa, na nikifika salama anafuta anuani yako. Mteja mwema hapotezi kitu kwa kulijua hilo. Asiye mwema amepata habari.

Ratiba ya Jumamosi moja, niliyoonyeshwa kwa ruhusa, ilikuwa hivi: Goba, geti la bluu lililo mkabala na duka la mangi, nyumba ya pili ya ghorofa, chini. Jina na namba ya mteja. Bodaboda ni yule wa kijiweni, na namba yake. Kuingia saa 3 asubuhi, kutoka saa 11 jioni. Simu saa 5, saa 7 na saa 9.

Rangi ya geti inaonekana kitu kidogo. Lokesheni ya WhatsApp inayotembea nawe unaweza kuiwasha kwa dakika 15, saa 1 au saa 8, si zaidi, na kazi ya saa nane ukiongeza njia huipita. Ikikatika, au simu ikizima chaji, anayekutazama anabaki na alama ya mahali pa mwisho. Alama hiyo haisemi uko ghorofa ya ngapi wala nyuma ya geti lipi. Kwa hiyo msusi huiwasha akitoka kwao, huiwasha upya saa ya chakula, lakini maelezo ya mdomo ndiyo yanayoweza kumfikisha mtu mlangoni. Bodaboda wa siku zote ni bora zaidi, kwani geti amelifikia kwa macho yake.

Simu za saa 5, 7 na 9 hupokelewa kwa sauti, si kwa kidole gumba cha WhatsApp, kwa kuwa kidole anaweza kukituma mtu yeyote aliyeshika simu. Wana neno lao pia. Msusi akiuliza, "Ile rasta namba 33 imefika?" mdogo wake anajua kuna tatizo. Namba 33 ni rangi ya kahawia yenye wekundu ambayo yeye haitumii kabisa, lakini kwa anayesikiliza pembeni ni maongezi ya wasusi tu. Mdogo hukata simu, na baada ya dakika mbili hupiga tena: mtoto amepandisha homa, dada rudi. Sababu ya kuondoka imepatikana na hakuna aliyetukanwa. Asipopokea, anangojewa dakika 15 na kupigiwa tena. Asipopatikana, anapigiwa mteja, kisha bodaboda, naye huenda getini. Kukiwa kimya bado, ni polisi 112, na mtu anatumwa kumtafuta mjumbe wa mtaa ule. Hatua hizo zimeandikwa, kwa sababu mtu mwenye hofu husahau, au huona aibu kusumbua watu bure.

Jumamosi ile ya Goba ndiyo iliyonifanya niandike haya, ingawa hakuna aliyedhurika. Msusi alifika saa 3 kamili. Geti likafunguliwa na kijana wa kiume. "Karibu dada, ametoka kidogo, anakuja sasa hivi. Ingia upumzike." Mteja hakuwa amemtaja kijana yeyote.

"Asante kaka. Namsubiri pale dukani."

Akakaa kwa mangi na begi lake, akamwambia mdogo wake kwamba bado hajaingia, akampigia mteja. Kweli alikuwa amekwama kwenye foleni akitoka Mwenge, na kijana ni mdogo wake wa kuzaliwa aliyefika usiku bila taarifa. Yote yawezekana kuwa kweli. Ila msusi hana njia ya kuyapima akiwa tayari sebuleni, na benchi la dukani halimdai apime.

Mteja aliingia saa 4 na nusu, akaomba radhi, akamtambulisha mdogo wake. Hapo ndipo lilipokuja gumu la pili, na kwa maoni yangu ndilo linalowaponza wasusi wengi kuliko watu wabaya. Rasta ndogo za saa nane zingeisha saa 12 na nusu jioni. Dar jua huzama kati ya saa 12 na robo na karibu saa 1 kasorobo, mwaka mzima, na njia ya kutoka pale hadi barabara ya lami ni vumbi lisilo na taa. Msusi ambaye hakupanga saa ya kutoka angesuka hadi giza, kwa huruma na kwa kuwa kichwa hakiachwi nusu.

Huyu alimwekea mteja mambo mawili: tusuke rasta za kati leo, niishie saa 11, au tupange Jumamosi ijayo, rasta ndogo zile zile na nauli ya pili juu yako. Mteja alinuna kidogo. Akachagua za kati. Mdogo wake akatumiwa ujumbe kwamba simu ni zile zile, saa ya kutoka ni ile ile.

Saa 10 na dakika 50 maji ya kuchovya ncha yalikuwa yamechemka. Malipo yaliyobaki yaliingia akiwa bado ndani, begi likiwa limefungwa mlangoni tangu kitana cha mwisho kirudi mahali pake. Bodaboda alikuwa ameshapiga honi. Picha ya kisogo cha mteja, rasta zimelala mgongoni, aliipandisha status saa 1 usiku, akiwa amekwisha kuvua viatu na mdogo wake amekwisha kufuta anuani.